Wale Wasio na Saa ya Pili

Ulipofika hospitali ya Rushangi mgongo umevunjika, mtu wa kwanza kukuona hakuwa daktari. Alikuwa Léopold Bauma, karani wa mlango wa wagonjwa wa ghafla, ameinamisha kichwa kwenye rejista yake kubwa, anakuuliza jina, kilima unachotoka, na kama umefika sasa hivi ao umeshakaa. Watu walimchukia kidogo kwa maswali yale. Wewe unavuja damu, yeye anatazama saa ya ukuta! Lakini na tuseme ukweli: bila yeye wenye viwiko vikali wangeingia kwanza, na wenye adabu wangekufa kwa adabu yao nyuma ya mstari.

Rushangi iko kati ya Mushaki na Masisi, juu kabisa, mahali ambapo mvua hainyeshi bali imehamia. Mwaka ule ulikuwa wa sitini na tano. Wazungu waganga walikuwa wameondoka siku za uhuru, wakaacha vitanda, mikasi na nyumba tupu. Tukaletewa Dokta Émile, mtu mweusi kama sisi kutoka kisiwa cha mbali kinachoitwa Haiti, Kifaransa chake kitamu, Kiswahili chake cha kuvunja mbavu. Alikuwa daktari mmoja kwa vilima vyote vile, na kwa watu wa msituni pia, wale waliobebwa kwenye kipoyi, machela ya miti, kutoka upande wa Walikale, wabebaji wanne wakipokezana mabega mpaka ngozi inachubuka.

Mlangoni Dokta alimweka Généreuse. Huyu alikuwa muuguzi, mwanamke wa maneno machache na mikono ya moto, na kazi yake ilikuwa kupitia benchi lote la wanaongoja. Anashika kiganja, anafunua kope, anahesabu pumzi, kisha anamfunga mtu kitambaa mkononi. Chekundu: huyu aingie sasa. Cha manjano: asipite saa moja hajaonwa. Cheupe: anaweza kungoja. Léopold akaandika rangi karibu na jina, na mgonjwa alipoingia kwa Dokta akaandika saa ya kuonwa, na mwishoni akaandika lililompata: amelazwa, amerudi, ametumwa Goma, ao amekufa. Mstari mmoja kwa mtu mmoja, tangu kufika mpaka kutoka.

Watu walilalamika, we! "Mimi nilifika mbele, mbona yule anapita?" Généreuse hakujibizana nao. Siku moja tu alimwambia Léopold, wakati wanakunywa chai, "Mwenye kupiga kelele iko na nguvu ya kupiga kelele. Mimi naogopa yule anatulia."

Léopold alijua vizuri neno hilo, maana aliyetulia alikuwa mke wake. Adelaïde alikuwa mwanamke wa kucheka sana, wa kucheka hata kanisani, lakini kwenye uzazi alinyamaza. Mara mbili alizaa, mara mbili damu haikutaka kukatika, na mara mbili Généreuse alimkuta amekaa kwenye benchi kimya, midomo imekuwa ya kijivu, akamfunga chekundu na kumsukuma mlangoni kwa mikono yake mwenyewe. Léopold hakusahau. Kila mavuno alimpelekea Généreuse kikapu cha maharagi, na Généreuse kila mara alisema ni mengi mno, kisha anakichukua.

Sasa mwaka ule Adelaïde alikuwa na mimba ya tatu. Na mwaka ule ule Dokta Émile alirudi kutoka mkutano wa Goma uso umemuanguka. Akawaita Généreuse na Léopold kwenye biro, ofisi yake ndogo.

"Goma hawana waganga wa kutosha," alisema. "Watakamata muuguzi mumoja kwenye hospitali moja ya huku juu. Watatazama hesabu. Hospitali yenye kazi kidogo njo itapoteza mutu; kwetu ni Généreuse."

"Kazi kidogo?" Léopold akaruka. "Sisi? Dokta, wafike hapa wakae kwenye benchi siku moja tu!"

"Hawatafika. Barabara unaijua. Wanataka karatasi. Kwa kila siku ya miezi mitatu: wangapi walifika, rangi gani, waliongoja dakika ngapi, waliishia wapi. Mpaka sasa tulituma jumla ya wagonjwa tu. Wewe, Léo, njo utaitengeneza."

Léopold akatoka pale, na hofu haikuwa imeingia bado. Alikuwa na furaha, maskini. Ana rejista yenye kila kitu! Miezi mitatu ya watu, kila mmoja na saa zake. Aliona kwamba itatosha kuigeuza kuwa tarakimu, na tarakimu zitapiga kelele kwa niaba yao. Jioni alimwambia Adelaïde, "Généreuse haendi popote. Nitamfunga hapa kwa kalamu." Adelaïde akacheka mpaka akashika tumbo.

Kazi ilianza. Léopold alipiga mistari kwenye karatasi, karatasi moja kwa siku moja, na Généreuse alimsomea rejista mlango ulipokuwa kimya. Kwanza waliofika: kijiti kimoja kwa mtu mmoja, cha tano kinalala juu ya wenzake wanne. Kisha rangi. Kisha miisho. Alijiwekea sheria: jumla ya rangi iwe sawa na jumla ya waliofika, na jumla ya miisho pia, pamoja na wale waliokuwa bado wanangoja siku ilipofungwa. Hao wa kungoja aliwahamishia siku ya pili, ila hakuwahesabu tena kama wageni, maana mtu hafiki mara mbili kwa kulala kwenye benchi. Hesabu ikikataa kulingana, alirudi juu na kuanza upya, akijitukana polepole kwa Kihunde.

Dakika njo zilikuwa ngumu. Anachukua saa ya kuonwa, anatoa saa ya kufika, anaandika zilizobaki. Akimaliza rangi moja, anajumlisha, anagawa kwa idadi ya watu, anapata wastani. Maelezo kutoka Goma yalisema wazi: wahesabiwe tu wenye saa mbili, ya kufika na ya kuonwa. Ni sawa, si ndiyo? Utamhesabia vipi dakika mtu ambaye huna saa yake ya pili?

Basi wakafika kwenye siku moja ya soko la Mushaki, siku ambayo wote wawili waliikumbuka kwa ubaya. Lori la wachuuzi lilipinduka kwenye kona. Benchi lilijaa, watu wakalazwa kwenye majani nje, Dokta akakata na kushona mpaka usiku. Walifika watu arobaini na mmoja. Sita walikuwa wekundu.

"Soma wekundu," Léopold akasema.

"Wa kwanza dakika tano. Wa pili kumi. Wa tatu sita. Wa ine, saba."

Léopold akajumlisha: ishirini na nane. "Na wa tano?"

Généreuse akageuza rejista amwonyeshe. Wa tano na wa sita hawakuwa na saa ya kuonwa. Kwenye mwisho kulikuwa kumeandikwa, kwa mkono wa Léopold mwenyewe: amerudi.

"Hawa hawana saa ya pili," Généreuse akasema. "Wanatoka kwa hesabu."

Ishirini na nane kwa wanne: dakika saba. Léopold aliitazama saba ile. Siku mbaya kuliko zote za mwaka, na karatasi inasema mtu mwekundu wa Rushangi anangoja dakika saba! Hata Ulaya hawangoji hivyo. Akatazama chini kwenye miisho: waliolazwa tisa, waliorudi thelathini, aliyetumwa Goma mmoja, mmoja bado anangoja. Jumla arobaini na mmoja, imelingana vizuri kabisa. Waliokufa: hakuna.

"Mungu wangu," Léopold akasema.

Hapa lazima nikueleze jambo, usije ukamwita Léopold mwongo kabla ya wakati. Mwaka ule vita vya vilima vilikuwa vimeacha bariera ya askari, kizuizi cha barabarani, chini ya Mushaki, na sajini wa pale alikuwa na amri: maiti haipiti bila kibali cha territoire, yaani ofisi ya serikali ya wilaya. Eti wasije wakapitisha waasi waliouawa. Kibali kilichukua siku nyingi kikipatikana, na maiti haina subira hiyo. Mtu akifia Rushangi na kwao ni ng'ambo ya bariera, alizikwa hapo hospitalini, kwenye udongo wa wageni, mbali na wazee wake. Nani angekubali? Kwetu mtu asiyezikwa kwao hakupumzika, na waliobaki hawapumziki pia.

Lakini mgonjwa aliyerudi nyumbani alipita. Karani anaandika karatasi ndogo: fulani, mgonjwa, amerudi. Wabebaji wanafunika kipoyi kwa blanketi, wanakiinua kama wanabeba mtu mwenye homa, mwanamke mmoja anatembea kando akimpepea maiti usoni na kumsemesha, "Vumilia, tunakaribia." Sajini anasoma karatasi, haliinui blanketi kwa sababu naye anaogopa magonjwa, na watu wanapita na mtu wao. Mwisho wa wiki sajini alipanda Rushangi kulinganisha karatasi zake na rejista. Kwa hiyo rejista nayo ilibidi iseme amerudi. Waliofia ndani, mikononi mwa Dokta, wao walikuwa na cheti na hakuna la kufanya. Ila waliofia kwenye benchi, kabla ya kuonwa, mwisho wao ulikuwa mkononi mwa Léopold peke yake. Wazee wa kike walimpigia magoti. Angefanya nini, awe jiwe?

Wazee husema asiyekuwapo na lake halipo. Wafu wa benchi hawakuwapo kwenye dakika, hawakuwapo kwenye vifo. Na ubaya wake ni huu: kadiri siku ilivyokuwa mbaya, ndivyo walivyozidi wasio na saa ya pili, na ndivyo wastani wa waliobaki ulivyopendeza.

Walikwenda kwa Dokta. Léopold alieleza yote, bariera, karatasi, kipoyi, macho yake yakiwa sakafuni. Dokta Émile hakujua. Alisikiliza, akavua miwani, akaifuta muda mrefu.

"Wako wangapi?"

"Sijue, Dokta. Kuna wale walichoka kungoja wakaenda kweli kwa miguu yao. Nao niliwaandika amerudi, bila saa. Iko wamechanganyika."

"Lakini unawakumbuka."

"Wengine. Si wote."

Dokta akapiga meza. "Basi tuandike waliokufa wamekufa! Tuwaambie Goma ukweli, Léopold, ao watatunyang'anya Généreuse!"

"Karatasi ya Goma inapita kwa territoire, Dokta. Inapita mbele ya watu wa sajini." Sauti ya Léopold ilikuwa ndogo. "Wataenda kwa familia moja moja. Watafukua. Unajua walifanya nini kule chini kwa yule mzee waliyemkuta na maiti ya mtoto wake?"

Dokta alijua. Ni yeye aliyemshona mzee yule.

Généreuse, aliyekuwa amesimama mlangoni, akasema, "Musifukulishe watu kwa sababu yangu." Akarudi kwenye benchi lake.

Léopold hakulala vizuri siku zile. Mimba ya Adelaïde ilikuwa imekua, na kila alipoitazama aliona mkono wa Généreuse ukifunga kitambaa. Alitafuta njia katikati, njia isiyodanganya na isiyofukua. Akaipata, ao alidhani ameipata. Chini ya kila karatasi ya siku akaongeza mstari mmoja ambao Goma hawakuuomba: walioondoka bila kuonwa. Humo akaweka kila mtu asiye na saa ya pili, wafu na waliochoka pamoja, na kwenye mabano akaonyesha wangapi kati yao walikuwa wekundu. Hakuandika wamekufa. Lakini mtu mwenye akili akiona wekundu wameondoka bila kuonwa, si atajiuliza? Mtu mwekundu hawezi kutembea! Ataenda wapi?

Alipitia miezi yote mitatu upya, siku kwa siku. Dokta akaongeza barua yake, kali, ya kuomba msaada. Bahasha ikashuka na lori la maharagi mpaka Sake, na kutoka Sake ikaenda Goma. Léopold akaanza kungoja. Alisema hapo ndipo alipoonja kazi yake: kumbe kukaa kwenye benchi njo hivi.

Jibu lilikuja wiki chache baadaye. Dokta alilisoma kwa sauti, na kadiri alivyosoma ndivyo sauti ilivyoshuka. Goma waliipongeza Rushangi. Wekundu wake walionwa haraka kuliko hospitali zote za huku juu, na vifo vya mlangoni havikuwapo kabisa. Kuhusu ule mstari wa chini, waliushukuru sana; ulikuwa umewasaidia kuamua. Watu wengi namna ile wakiweza kuondoka wenyewe na kurudi kwao, ni dhahiri hawakuwa wagonjwa sana, na hata zile rangi nyekundu huenda zilifungwa kwa wingi kupita lazima. Hospitali yenye wagonjwa wepesi inaweza kuendelea na daktari wake. Muuguzi Généreuse ashuke Goma mara moja.

"Mara moja," Dokta akarudia.

"Ni mustari wangu," Léopold akasema. "Njo mimi nimemutoa."

"Hapana, Léo."

"Njo mimi, Dokta! Ningeacha karatasi vile waliomba, pengine wangemwacha!"

Hilo hakuna anayelijua. Pengine wangemchukua tu. Léopold hata hivyo alilibeba, na kulitua hakuweza.

Lori la jeshi lilimfuata Généreuse asubuhi moja ya ukungu. Alikuwa na sanduku moja. Alimshika Adelaïde tumbo, akasikiliza kwa kiganja kama kawaida yake, akasema, "Ufike kwa mi Goma mbele ya mwezi kutimia. Usingojee maumivu." Adelaïde akaitika. Lakini lori la jeshi halikubeba raia, na wiki ile ile njia ya Sake ikafungwa, magari mawili yakachomwa moto, na hakuna dereva aliyekubali kushuka hata kwa ng'ombe mzima. Wakangoja ifunguliwe. Haikufunguliwa. Siku ya kufa nyani, miti yote huteleza.

Na benchi je? Benchi liliharibika siku moja tu. Watu hawakuwa wajinga, walikuwa wameona miezi yote kwamba mwenye kitambaa chekundu anaingia. Basi kila mmoja alikuja na chake. Kipande cha kitenge, kamba ya begi, hata shati la mtoto limechanwa. Mwenye jino, mwekundu. Mwenye kipele, mwekundu. Ukiangalia benchi lile ungesema ni sherehe. Dokta alimwambia Léopold aache kuandika rangi, aandike tu kwamba mtu hakuchaguliwa, maana rangi aliyojifunga mgonjwa mwenyewe si rangi. Léopold akafungua safu mpya: bila rangi. Baada ya siku chache karibu watu wote walikuwa humo.

Adelaïde alijifungua nyumbani, kwenye kambi ya wafanyakazi nyuma ya hospitali, asubuhi kavu yenye jua, haraka mno. Jirani yao Mama Pétronille alimpokea mtoto, msichana, analia vizuri. Kisha akaona godoro. Wanawake wakambeba Adelaïde kwenye mkeka mpaka mlangoni, na Léopold akainua kichwa kutoka kwenye rejista kuuliza jina, akaona ni mke wake.

Akaandika hata hivyo. Usimcheke. Mkono uliandika peke yake, jina na saa ya kufika, kisha akatupa kalamu akakimbia. Siku hiyo bariera ilikuwa imeshambuliwa, na askari waliojeruhiwa walikuwa wameletwa kwa mbio na kuingizwa ndani bila kupita kwenye benchi. Mlangoni mwa chumba cha upasuaji alisimama askari na bunduki.

"Ni bibi yangu," Léopold akamwambia. "Damu haikatike. Niache nimuambie Dokta neno moja."

"Kila mutu iko na bibi yake. Rudi kwa mustari."

"Neno moja tu, kaka!"

Askari akamweka mtutu kifuani. Léopold akaita, akaita jina la Dokta mpaka koo likapasuka, na kutoka ndani Dokta akajibu kitu, akapiga kelele kwa Kifaransa kwamba anakuja, anafunga mshipa, anakuja. Lakini Dokta hakuachiliwa. Sajini mwenyewe alikuwa kwenye meza ya upasuaji, na watu wake walisema akifa, daktari naye atakufa.

Léopold akarudi kwenye benchi. Kulikuwa na watu wengi wenye vitambaa vyekundu, wanalia, wanasukumana. Katikati yao Adelaïde alikuwa amekaa kimya, ameegemea ukuta, hana kitambaa chochote, hakuna aliyekuwa amekumbuka kumfunga. Akapiga magoti mbele yake. Alibonyeza tumbo lake kwa ngumi kama alivyowahi kumuona Généreuse akifanya, na Mama Pétronille akambana miguu, na wote wawili hawakujua wanachokifanya. Adelaïde alimtazama kama anayetaka kucheka. "Léo, uko unaniumiza," akasema. Baadaye hakusema tena.

Dokta alipotoka, mikono imelowa mpaka kwenye viwiko, alimkuta Léopold bado anabonyeza. Ilibidi amwondoe mkono kidole kwa kidole.

Kaka mkubwa wa Léopold, Théophile, alifika mchana na wabebaji. Kwao ni kilima cha chini ya Mushaki, ng'ambo ya bariera, huko walikolala baba yao na mama yao. Théophile alilia kwanza, kwa sauti, kama mwanaume anavyoruhusiwa kulia mara moja. Kisha akajifuta uso, akasimama mbele ya meza ya ndugu yake.

"Mudogo wangu, askari wako na hasira leo. Utupatie karatasi."

Léopold akaifunga rejista.

"Ao unataka tumuache hapa? Kwenye udongo wa hospitali?"

"Nikiandika amekufa," Léopold akasema, "watamuhesabu. Kwa mara ya kwanza watamuhesabu mutu wa benchi. Pengine watamurudisha Généreuse. Théo, pengine."

"Na yeye atalala wapi?"

Wabebaji walikuwa wamesimama na kipoyi, wanatazama chini. Mama Pétronille alikuwa amemfunga yule mtoto mgongoni, na mtoto alikuwa analala. Léopold alichukua kalamu. Aliandika karatasi ndogo: Adelaïde, mgonjwa, amerudi. Akafungua rejista, akatafuta mstari wake, akaandika hivyo hivyo. Kisha yeye mwenyewe akatembea kando ya kipoyi mpaka bariera, akimpepea mke wake usoni, akimwambia avumilie, wanakaribia. Askari walisoma, wakawaacha wapite.

Alizikwa vizuri. Watu wa kilima walikuja wote.

Siku za kilio zilipoisha, Léopold akarudi Rushangi, maana hapakuwa na mwingine wa kufanya kazi ile. Karatasi za siku zile zilikuwa zinamngoja. Dokta alimwambia aache, ataifanya yeye ile ya siku aliyokufa Adelaïde. Léopold akatikisa kichwa, akaketi, akaifungua rejista.

Akapiga vijiti vya waliofika. Akapiga miisho. Vikalingana. Walioonwa siku ile walikuwa karibu wote askari, walioingizwa moja kwa moja, na wastani wa kungoja ukatoka dakika tatu. Haijawahi kupatikana tarakimu nzuri namna ile Rushangi. Waliokufa kabla ya kuonwa: hakuna. Akashuka kwenye mstari wa chini, ule wake, walioondoka bila kuonwa, akaweka kijiti kimoja kimoja, akilaza cha tano juu ya wenzake. Vilikuwa kumi na kimoja.

Akaviangalia muda mrefu. Wino ulikuwa mmoja, urefu mmoja, mkono mmoja. Alijaribu kukumbuka ni kipi alichokiweka kwa ajili ya Adelaïde, na hakuweza.